Kioo Kilichotazama Korido

Kila siku Chiriku alipotoka kazini alifanya yaleyale. Alivua viatu mlangoni, akaingia sebuleni akipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto, akatafuta swichi. Sebule yao ilikuwa na dirisha moja dogo lililotazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuweza kutoa mkono na kuuparua. Jua lilipita huko juu likienda zake, halina habari nao. Kwa hiyo taa iliwashwa mchana kama usiku, na kabla haijawaka ilikonyeza kwanza, kama mzee anayeamshwa.

Siku hiyo kidole kilikuwa kimeshagusa swichi, sauti ikatoka gizani.

"Usiwashe. Kaa kwanza."

Chiriku aliruka, mkoba ukamponyoka. Alipozoea giza, alimwona mama yake kwenye kochi, ameketi wima kama anayesubiri kuitwa kwa daktari, na kando yake dada yake mkubwa, na juu ya mapaja ya Dada alikuwa Kitufe, amelala fofofo.

Kitufe alikuwa kitinda mimba wao. Alizaliwa Chiriku akiwa chuoni, mbali, na Chiriku aliporudi likizo alimkuta mtoto ana meno mawili. Mama alijifungua kwa Bibi, Dada akienda huko kumsaidia, ndivyo alivyoambiwa. Walicheka sana kwamba Mama, pamoja na umri wake, alikuwa bado na jambo la kuwashangaza watu.

"Kuna nini?" Chiriku aliuliza. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Mama alisema. "Wanakuja Jumapili."

"Akina nani?"

"Mama yake Fundi Saa," Dada alijibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Na shangazi yake. Na yeye mwenyewe."

Fundi Saa alikuwa kijana mpole mwenye kibanda cha kutengeneza saa karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa amemtaka Dada kwa muda mrefu, na Dada alikuwa amemtaka yeye kwa muda huohuo. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: kijana alikuwa mtoto wa pekee wa mama mjane, na alikuwa amesema wazi kwamba mama yake akiridhika na nyumba anayotoka msichana, basi mambo yamekwisha, asiporidhika, hatajua la kufanya.

"Sasa niambie," Mama alisema, "mtu akija mchana, jua linawaka, mimi namwashia taa. Atafikiri tunaishi pangoni. Na taa yenyewe hiyo inayosinzia. Wewe si umesomea mapambo? Basi tuone hiyo shule ilikuwa ya nini."

Chiriku hakujibu. Ndiyo maana walimwita Chiriku, kwa kejeli, maana ndege huyo hanyamazi, naye angeweza kumaliza mlo mzima asiseme zaidi ya "naomba chumvi." Lakini kichwani alikuwa ameshaanza kuupima ukuta.

"Na Kitufe atakwenda kwa jirani siku hiyo," Mama aliongeza. "Watoto wanavuruga mazungumzo."

"Abaki," Dada alisema.

"Nimesema atakwenda."

"Mama, abaki. Nitamwangalia mimi."

Mama alimtazama Dada muda mrefu katika lile giza. Chiriku alidhani wanagombania usumbufu wa mtoto. Hakufikiri zaidi ya hapo.

*

Kazini kwao walipamba kumbi za sherehe, na Chiriku alikuwa na jina zuri kwa msimamizi wake kwa jambo moja: alijua kuupeleka mwanga. Wenzake walipopewa ukumbi wenye kiza walirundika taa. Yeye alitembea kwanza, akatafuta mwanga uliokuwepo tayari unaingilia wapi, halafu akaukamata na kuutuma alikotaka.

Asubuhi ya Jumamosi alizunguka nyumba namna hiyo. Dirisha lilikuwa halina msaada. Hata ukiweka kioo mbele yake kitakurudishia ukuta wa jirani. Lakini nyuma kulikuwa na uani, na ukuta wa uani ulikuwa umepakwa chokaa. Alasiri jua liliupiga ukuta ule ukawaka mweupe kama shuka iliyoanikwa. Weupe huo uliingia kwenye korido, ukafika mpaka mlango wa sebule, ukakutana na pazia zito la kahawia, ukafia hapo.

Chiriku akalivua pazia.

Mwanga ukaingia moja kwa moja, ukavuka sebule na kuangukia ukuta wa mbele, mahali asipokaa mtu. Kochi la wageni lilikuwa upande wa pili, limeegemea ukuta uleule wenye mlango wa korido, kwa hiyo lilibaki gizani palepale.

"Umelitoa pazia la korido?" Dada aliuliza. Alikuwa amebeba ndoo ya nguo, na Kitufe amemng'ang'ania sketi.

"Linakula mwanga."

"Na wakiona ndani?"

"Wataonaje? Watakaa sambamba na mlango. Mpaka mtu ainuke akachungulie."

Dada alisimama kidogo, akautazama mlango, akalitazama kochi. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Kioo kikubwa Chiriku alikiazima kazini, kile kirefu cha futi nyingi ambacho maharusi hujitazama wakiwa wamesimama. Kilikuja juu ya mkokoteni kimefungwa mablanketi, na majirani wakatoka kutazama.

"Tunafungua saluni?" Mama aliuliza. "Niwaambie wageni waje na nywele zao?"

Chiriku alitabasamu tu. Alikisimamisha kwenye kona ya mbele, mkabala na mlango wa korido, si bapa ukutani bali kimekaa mshazari, akakiegemeza na kukiwekea kabari za mbao chini kisiteleze. Akakigeuza kidogo kidogo. Alijua kwamba kioo ukikisogeza kidole kimoja, mwanga unasogea viwili, kwa hiyo hakuwa na haraka. Bapa la mwanga likatambaa ukutani, likapita juu ya picha ya baba yao, aliyefariki Kitufe akiwa bado mchanga, likashuka, likatua katikati ya kochi.

Mama, aliyekuwa amekuja na utani mwingine mdomoni, aliumeza.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Kumbe kochi hili ni la kijani."

Baada ya hapo kazi ilikuwa tamu. Chiriku hakutawanya vitu vinavyong'aa kila mahali, maana chumba kidogo ukikifanya hivyo kinafanana na duka la vyombo. Alivikusanya mahali ambapo mwanga ungepita na kuvikuta. Sinia la shaba la Bibi, lililokuwa jeusi kwa uzee, alilisugua kwa limau na chumvi mpaka likawa rangi ya asali, akalisimamisha kwenye rafu nyuma ya taa ndogo. Mabakuli ya chuma alipanga makubwa nyuma na madogo mbele. Juu ya meza alilaza kipande cha kioo kilichosagwa kingo, na juu yake gilasi zilizojaa maji na ua moja moja. Kila ua likawa mawili, moja likichungulia lingine kutoka chini. Ndani ya mitungi ya kioo alizungusha nyuzi za vitaa vidogo vya betri. Ukuta wa nyuma yake aliutundikia kitambaa cha buluu iliyoiva, kisicho na mng'ao, kwa sababu kitu kinachometa kinahitaji kitu kilichonyamaza nyuma yake.

Kitufe alikaa chini akazitazama gilasi kama mtu aliyeonyeshwa bahari.

"Chilu," alisema, maana jina zima lilikuwa bado kubwa kwake, "nyumba imecheka."

Jambo moja tu Chiriku hakulifanya. Kazini, akishaweka kioo, lazima aende kukaa kwenye kila kiti, aone mgeni ataona nini. Lakini Mama alikuwa ametandika kochi kitambaa kilichopigwa pasi mpaka kikasimama, na alipomwona Chiriku analielekea alimzuia kwa mkono. "Hapo hakai mtu mpaka Jumapili. Ukilikunja nakukunja wewe." Chiriku akacheka, akaliacha. Mwanga ulikuwa umetua alipotaka utue. Aliona inatosha.

*

Wageni walifika alasiri, jua likiwa limelalia chokaa sawasawa. Mama yake Fundi Saa alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu wa maneno, aliyevua viatu vyake na kuvipanga mwenyewe. Shangazi alikuwa mnene na mwenye furaha, na alianza kuzungumza akiwa bado barabarani.

"Subhana, hii ndiyo nyumba uliyosema ina kiza?" alimwuliza Fundi Saa, na Fundi Saa akatamani ardhi imfiche. "Mbona inang'aa kuliko ya kwangu? Wifi, tazama maua yale. Tazama lile sinia. Nani aliyefanya haya?"

"Mdogo wake bibi harusi mtarajiwa," Mama alisema kwa fahari, akimsukuma Chiriku mbele. "Amesomea."

"Karibuni," Chiriku alisema, na hayo ndiyo yakawa maneno yake yote kwa muda.

Waliketi kwenye kochi: mama yake Fundi Saa katikati, penye mwanga kamili, Shangazi kulia, kijana kushoto. Mama alichukua kiti kilichowakabili, mgongo wake ukielekea kile kioo. Chiriku akabaki kwenye kigoda miguuni mwa Shangazi, tayari kuinuka kwa lolote.

Dada aliingia na chai. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa, na alipopita kwenye mwanga Fundi Saa alisahau kupokea kikombe. Shangazi akamfinya.

"Pokea, baba. Bado hujamwoa, na tayari anakuhudumia."

Walicheka wote, hata mama yake, kwa pembe ya mdomo. Aliuliza maswali machache. Dada anafanya kazi wapi. Anapenda kulala mapema au kuchelewa. Akasema, "Mwanangu ana upole unaoweza kumponza. Nilikuwa naomba apate mtu mkweli." Dada akasema, "Ndiyo, mama," akitazama chini, na Mama akasema kwa haraka kwamba binti yake huyu, uongo hajui kabisa.

Ndipo kutoka uani, alikoachwa Kitufe acheze baada ya Dada kushinda ule ubishi, kikasikika kishindo kidogo, kisha kilio.

"Kitinda mimba wangu huyo," Mama alisema. "Ameanguka. Hana lolote, anadeka."

"Nakwenda mimi," Dada alisema, na alikuwa ameshapita mlangoni kabla hajamaliza kusema.

Kilio kilikoma. Shangazi alianza kisa cha mtoto wake aliyemeza kifungo. Mama alikuwa akimsikiliza na kutikisa kichwa. Chiriku aliona kwamba mama yake Fundi Saa hasikilizi. Alikuwa ameacha kikombe hewani, nusu ya njia kwenda mdomoni, na alikuwa akitazama mbele, juu ya bega la Mama. Fundi Saa pia. Halafu Shangazi mwenyewe alipunguza sauti, kama redio inayoishiwa betri, akanyamaza katikati ya kifungo.

Chiriku alifuata macho yao.

Ndani ya kile kioo ilikuwepo korido yote. Kuta zake mbili, sakafu yake, uani kule mwisho ukiwaka mweupe, vyote viko wazi kama picha iliyotundikwa. Na katikati ya korido Dada alikuwa ameketi chini kabisa, gauni la rangi ya maziwa limeenea vumbini, Kitufe mapajani.

Chiriku alielewa kosa lake mara moja, lote kwa pamoja. Mwanga hauna njia ya kwenda tu. Mahali unapoangukia, mtu aliyeketi hapo anaona ulikotoka. Alikuwa amemkalisha yule mama mahali pazuri kuliko pote na kumfungulia mlango wa ndani.

Lakini mtu kumfariji mdogo wake si kosa, alijiambia. Dada anamfariji mtoto. Kuna ubaya gani?

Kitufe alikuwa ameacha kulia. Mkono wake mdogo uliingia kwenye shingo ya gauni la Dada, bila kutafuta wala kubabaisha, ukakaa kifuani pake. Ni mkono wa mtoto aliyeachishwa ziwa na bado analidai. Dada hakushtuka. Aliinamisha kichwa, akaufunika ule mkono kwa wa kwake, akafumba macho, akawa anayumba mbele na nyuma. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Haikusikika, lakini haikuhitaji kusikika.

Hakuna mwanamke aliyekuwa kwenye kochi lile ambaye hakuelewa anachokiona.

Mambo yalianza kumwangukia Chiriku moja baada ya jingine, kama sahani kutoka kabatini. Dada ndiye aliyekuwa akiamka mtoto akikohoa. Dada ndiye aliyemwogesha, siku zote, hata akiwa mgonjwa. Picha za Mama akiwa mjamzito hazikuwepo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Likizo ile alimkuta Dada, aliyerudi kutoka kwa Bibi, amenyamaza, amekonda uso, na Mama akisema ni uchovu wa kulea. Yeye, Chiriku, anayelipwa kwa kuona mwanga unapopita, alikuwa amekaa na jambo hili nyumba moja miaka yote hii na hakuona kitu.

"Mbona mmenyamaza?" Mama aliuliza, akitabasamu. Kisha akageuka.

Chiriku aliuona uso wa mama yake ukiona. Rangi ilimtoka, tabasamu likabaki peke yake.

"Kile kioo ni kizuri," mama yake Fundi Saa alisema hatimaye, akiweka kikombe chini pasipo hata mlio. "Kinaonyesha mpaka uani."

"Huyo mtoto tumemdekeza," Mama alisema. "Dada yake ndiye kamharibu. Hulala naye, hula naye. Mimi mwenyewe, umri umekwenda, maziwa sikuwa nayo ya kutosha, basi akazoea..." Maneno yalimwishia.

Shangazi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekosa neno, alikuwa akikung'uta sketi yake isiyo na kitu.

Fundi Saa alikuwa ameinamisha kichwa, akivitazama vidole vyake. Alivikunja kimoja kimoja, halafu akavikunjua.

"Chiriku," Mama alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida mno. "Kigeuze hicho kioo. Kinawaumiza wageni macho."

Chiriku aliinuka. Alivuka chumba, akaishika fremu kwa mikono miwili. Ilikuwa ya baridi. Kusukuma kidogo tu kungetosha. Alijua hilo kuliko mtu yeyote. Korido ingeondoka, mwanga ungeteleza ukutani, kochi lingerudi gizani na kila mtu angeweza kusema kwamba hakuona vizuri. Jumapili nyingine ingepangwa. Dada angeolewa na kuondoka, na Kitufe angebaki hapa, akiita Mama mtu asiyekuwa mama yake, na kumwita Dada yule anayekuja likizo na zawadi.

"Chiriku. Sikia nikwambiavyo."

Ndani ya kioo, Dada alifumbua macho.

Aliinua kichwa, akatazama moja kwa moja mbele. Na kwa kuwa njia ni ileile kwenda na kurudi, aliwaona. Aliona kochi lote na nyuso zilizokuwa juu yake, zote zimemwelekea. Chiriku aliona mabega ya Dada yakipanda na kukwama hapo. Walitazamana namna hiyo, watu wa sebuleni na mtu wa korido.

"Kigeuze," Mama alisema, na sasa ilikuwa ni kuomba. "Mwanangu, nakuomba."

"Hapana, Mama," Chiriku alisema.

Alisema kwa sauti ndogo sana, lakini kwenye ukimya ule ilifika pembe zote. Aliiondoa mikono yote miwili kwenye fremu, akaificha nyuma ya mgongo.

Ghafla chumba kikawa giza. Sinia la shaba lilizimika, gilasi zikazimika, kitambaa cha kochi kikarudia rangi yake ya zamani isiyojulikana. Vilibaki vile vitaa vidogo tu ndani ya mitungi, kama wadudu waliosahau kwenda kulala. Wote waligeuka. Dada alikuwa amesimama katika mlango wa korido, ameuziba, Kitufe kiunoni mwake, mkono wa mtoto bado umeshika shingo ya gauni. Uso wake haukuonekana, kwa sababu mwanga wote ulikuwa mgongoni kwake.

"Mlete mtoto kwa Chiriku," Mama alisema, akinyanyuka nusu. "Mlete, uje uketi. Chai inapoa."

Dada hakusogea.

"Binti yangu," mama yake Fundi Saa alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi niliomba kitu kimoja tu, umenisikia nikiomba. Umeniambia ndiyo."

"Nimesikia, mama."

"Basi sikuulizi. Nangoja."

Fundi Saa aliinua kichwa. Chiriku, kutoka pale kwenye kona, aliweza kuuona uso wake, na hakuweza kuusoma. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungua saa aliyodhani anaijua, akakuta ndani kuna gurudumu jingine linalozunguka.

Mama aliketi tena, taratibu, akajifunika macho kwa kiganja. "Nilikuwa nakulinda," alisema kutoka nyuma ya kiganja. "Nilikuwa nakulinda tu."

"Najua, Mama," Dada alisema.

Alimpandisha Kitufe vizuri kiunoni, kama mtu anayejiandaa kwa mwendo. Kitufe aliwatazama wageni mmoja mmoja, halafu akaficha uso shingoni kwake. Dada alivuta pumzi, na alipozungumza alimtazama Fundi Saa peke yake.

"Nilipokwambia nakuja na kila kitu changu, ulicheka ukasema utaleta mkokoteni. Sikuwa nazungumzia masanduku. Huyu si mdogo wangu. Nimemzaa mimi, na siendi popote bila yeye."